Jani la sale: tulivyopanga hailaiti ya harusi moja ya Kibosho

Mwenyekiti wa kamati alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaniuliza: "Yaani mbe, harusi ya siku nzima, wageni mia tatu na hamsini, halafu wewe unatuletea dakika tano?" Kikao kikaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, maana swali lilikuwa la haki. Yeye alikuwa na orodha yake mfukoni: mgeni rasmi, wajumbe wa kamati, utambulisho wa pande mbili, keki, shampeni, ndafu, zawadi. Nikamwambia vyote hivyo atavipata kwenye video ndefu ya saa mbili na robo, ile inayowekwa kwenye flashi na kutazamwa sebuleni na familia nzima. Dakika tano zilikuwa kazi nyingine, na walioiomba ni bwana na bibi harusi wenyewe: hailaiti, filamu fupi inayobeba kiini cha siku.

Harusi ilikuwa Jumamosi baada ya Krismasi, kipindi ambacho Wachagga waliotawanyika Dar na Mwanza wamepanda nyumbani. Kwao bibi harusi ni Kibosho, kwenye kihamba cha migomba na kahawa juu ya mji wa Moshi. Misa ilikuwa hukohuko parokiani, sherehe kwenye ukumbi mmoja mjini. Sisi tulikuwa watatu: mimi na kamera ya kwanza, kijana wangu na ya pili, na dada mmoja tuliyemkabidhi sauti peke yake. Huyo wa tatu ndiye wengi hawamlipi, na kwa maoni yangu ndiye anayeamua kama hailaiti itakuwa na maana au itakuwa tangazo la gauni.

Maneno kwanza, picha baadaye

Miaka ya nyuma nilikuwa nakusanya picha nzuri, halafu natafuta wimbo wa kuzifunika. Ikawa hailaiti ya Machame haina tofauti na ya Marangu isipokuwa rangi ya mapambo. Watu waliitazama mara moja, wakaisifu, wakaisahau. Siku hizi naanza upande wa pili: nani, katika siku hii, atasema jambo ambalo halitasemwa kwenye harusi nyingine yoyote? Nikishamjua huyo, mpango wa picha unajiandika.

Wiki mbili kabla nilikaa na wachumba, tukanywa chai, nikawauliza maswali matatu. Nani mkimwona siku hiyo machozi yatawatoka? Nani alitakiwa awepo na hatakuwepo? Na nani akishika maiki ukumbi unanyamaza? Kwa swali la kwanza walitaja wazazi, kama nilivyotegemea. La pili, bwana harusi alimtaja bibi yake aliyemlea, ambaye alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. La tatu, bibi harusi hakuchukua hata sekunde kufikiri.

"Mama mkubwa. Haongei sana, lakini akiongea hutasahau."

"Na baba?"

"Baba atasoma karatasi, kaka. Jiandae."

Nikaandika majina manne juu ya ukurasa: bibi harusi, bwana harusi, baba, mama mkubwa. Nikamwambia kijana wangu kwamba siku hiyo, kila akikosa la kufanya, asiende kupiga mapambo. Amtafute mmoja wa hawa wanne, asimame mbali, afungue lenzi ndefu, amwache aendelee na shughuli zake. Hicho ndicho kilichokuwa kipengele chetu chote cha "matukio ya pembeni". Watu hudhani picha za watu wasiojua kama wanapigwa huja kwa bahati. Bahati ipo, ila ni lazima uipunguzie uwanja wa kutafutia, la sivyo utarudi na picha nzuri mia mbili za watu ambao hawahusiki popote kwenye hadithi.

Baada ya hapo ndipo nikaandika mchoro wa skripti. Nauweka hapa kama ulivyokuwa kwenye daftari:

0:00–0:25. Sauti: baba au mama mkubwa, sentensi moja inayoacha swali. Picha: mlima alfajiri, kihamba, mikono inayofanya kazi.

0:25–1:10. Sauti: vicheko na minong'ono ya chumbani. Picha: maandalizi, nyumba zote mbili.

1:10–2:50. Sauti: maagano, kwaya. Picha: kanisani.

2:50–3:30. Sauti: matarumbeta. Picha: nje ya kanisa, barabarani.

3:30–4:45. Sauti: nasaha. Picha: ukumbini, pamoja na picha za asubuhi zinazojibu maneno.

4:45–5:20. Sauti: kwaya inarudi. Picha: kucheza, watu wanaondoka.

Utaona sauti imeandikwa kabla ya picha kila mstari. Hiyo ni makusudi. Pia utaona kanisa limepewa muda mrefu kuliko ukumbi, ingawa ukumbini tulikaa karibu mara tatu zaidi. Kanisani wawili hawa wanasema wenyewe kwa vinywa vyao, ukumbini wanasemewa.

Mchoro huu unatoa hesabu moja ambayo huokoa nguvu nyingi. Dakika tano na sekunde ishirini ni sekunde 320. Picha moja kwenye hailaiti hukaa kwa wastani sekunde tatu na nusu, kwa hiyo filamu nzima inabeba picha kama tisini tu. Maandalizi yenye sekunde 45 yanahitaji picha kumi na mbili au kumi na tatu. Ukishalijua hilo, huwezi kutumia nusu saa kuzungusha kamera kwenye viatu na chupa ya manukato, huku baba wa watu amekaa peke yake nje anajifunza kusoma hotuba yake.

Asubuhi, na mlima ulipo

Desemba hapa kwetu jua hutoka kama saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Mlima huwa wazi asubuhi, halafu kadiri siku inavyopata joto mawingu yanapanda na kuufunika, na mara nyingi mchana wote hauonekani. Wakati mwingine hufunguka tena jioni. Kwa hiyo picha ya Kibo bila maharusi tuliipanga alfajiri, kwa uhakika, na picha ya maharusi wakiwa na mlima nyuma yao tukaiandika kwa penseli: ikipatikana jioni, sawa, isipopatikana, filamu haiitegemei. Nimeshaona wenzangu wakiwasimamisha maharusi jua kali saa nane mchana wakiusubiri mlima ambao hautatoka.

Kuna jambo jingine kuhusu mlima ambalo wageni wanaotoka Dar kuja kushuti huku hawalitambui mpaka wafike. Kutoka Moshi, Kibo iko kaskazini. Desemba jua liko upande wa kusini mwa anga letu, kwa hiyo ukielekeza kamera mlimani jua linakuwa nyuma yako au ubavuni, nyuso zinapata mwanga na theluji inaonekana. Juni na Julai jua limehamia kaskazini. Ukipiga picha ileile mchana, jua linatokea upande wa mlima, nyuso zinakuwa nyeusi na anga inaungua. Harusi ya Julai inataka sehemu nyingine au saa nyingine.

Droni hatukurusha. Inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, hatukuwa nacho, na hadithi hii haikuihitaji.

Nyumbani kwa bibi harusi kijana wangu alifika saa moja. Orodha yake ilikuwa fupi: kwa kila jambo, picha tatu, moja ya mbali inayoonyesha mahali, moja ya kati inayoonyesha mtu, moja ya karibu inayoonyesha mikono. Mama anamwaga chai kwenye chupa. Wapambe wanafunga vifungo vya gauni. Baba yuko kwenye kiti cha plastiki chini ya mgomba, karatasi imekunjwa mara nne, midomo inatembea bila sauti. Hiyo ya baba aliipiga kupitia majani ya migomba, umbali wa mita kumi na tano hivi, na ni moja ya picha bora za siku nzima.

Kwenye saa mbili na nusu alimwona mama mkubwa akitoka peke yake mlango wa jikoni, kitenge kimefungwa juu ya gauni lake la sherehe, kisu mkononi. Akamfuata kwa lenzi. Mama mkubwa alikwenda mpaka kwenye uzio wa mpakani, akachagua, akakata jani moja la sale, akalifuta umande kwa kitenge, akalitia kwenye pochi. Sekunde kumi na moja. Kijana hakujua kwa nini, mimi sikuwepo, na mama mkubwa hakujua kama kuna mtu anamwona. Kwenye karatasi ya kumbukumbu aliandika tu: "MM, jani, uzioni."

Kwa asiye mwenyeji: sale ndio mmea wa mipaka ya kihamba, na jani lake Mchagga hulipeleka kuomba radhi. Ukilipokea, ugomvi umekwisha.

Kanisani

Alhamisi nilikuwa nimeshamwona paroko. Hili silirukii hata kama kanisa nalijua, kwa sababu kila paroko ana masharti yake. Huyu alitaka mambo matatu: tusipite kati ya altare na maharusi, tusiwashe taa za kamera, na wakati wa mageuzo mtu yeyote asisogee. Nikamwomba na mimi moja: wakati wa maagano awaombe maharusi wageukiane badala ya kumtazama yeye. Akakubali. Ombi hilo ndilo lililotupa nyuso zao, maana bila hivyo kamera ya nyuma inapata shela na mgongo wa koti.

Tuliweka kamera mbili mbele kwenye nguzo, upande wa altare, mimi nikimtazama bibi harusi na kijana akimtazama bwana harusi. Ukichora mstari wa kuunganisha nyuso za hao wawili, kamera zote zinatakiwa zikae upande mmoja wa mstari huo. Moja ikivuka, ukija kuunganisha picha wote wawili wataonekana wanatazama upande mmoja, kama watu waliopanga foleni benki, na huna dawa ya hilo baada ya tukio.

Maiki ya kifungo tulimvalisha bwana harusi peke yake, kwenye ukosi wa koti, rekoda ndogo ikiwa mfuko wa ndani. Wanasimama karibu kiasi kwamba maiki hiyo moja inachukua kiapo cha mke na maneno ya padre pia. Kumbandika bibi harusi waya kwenye gauni ni kumwongezea mateso. Rekoda tuliiwasha nyumbani kwake kabla hajapanda gari, tukafunga vitufe visibonyezwe kwa bahati mbaya. Rekoda ya pili tuliiweka mbele ya spika ya kanisa kwa ajili ya masomo, mahubiri na kwaya.

Hapa ndipo nilipokosa. Mpango ulisema bibi harusi akiingia, mimi nibaki kwenye uso wa bwana harusi. Betri yangu ilikuwa imebaki mistari miwili, nikajiambia itafika. Kwaya ikaanza, watu wakasimama, mlango ukafunguliwa, na kioo changu kikawa cheusi. Kubadilisha betri ni sekunde ishirini hivi. Nilipowasha, alikuwa ameshageuka, ameshamwona, ameshajifuta uso. Picha ambayo kila hailaiti huitegemea, sina.

Jioni ya kesho yake, nikisikiliza rekoda ya mfukoni, nikakuta kitu. Kwaya iko mbali kidogo, nguo inasugua, halafu pumzi inavutwa, na sauti yake, chini sana: "Mungu wangu." Kimya. Halafu: "Bibi angemwona huyu." Yule bibi wa swali la pili. Kamera ya kijana wakati huo ilikuwa kwa msimamizi wa bwana harusi, ambaye aliweka kiganja mgongoni kwa mwenzake na kukiacha pale. Nikaiweka picha ya kile kiganja chini ya maneno yale, sekunde sita bila kukata. Hakuna aliyeniuliza uso uko wapi. Lakini kabla ya kuitumia nilimpigia simu bwana harusi, nikamsomea alichosema. Maiki ya mfukoni husikia mengi, na mtu akishaivaa dakika kumi husahau kwamba anayo. Kile ambacho hakukisema kwa watu, unaomba ruhusa.

Maagano yenyewe tuliyaacha yaende bila muziki. "Katika taabu na raha" kila mtu anaijua, na ndiyo maana nisingeiharibu kwa kinanda. Nilichotafuta ni pale sauti inapoyumba. Bibi harusi aliyumba kwenye "magonjwa", akasimama, akameza mate, akaendelea. Sekunde nne za kimya. Mhariri mwingine angezikata.

Barabarani

Sehemu hii haikunipa shida wala furaha kubwa. Matarumbeta juu ya pikapu yalilia mpaka sauti ya maiki ya bwana harusi ikapasuka, lakini tulikuwa tumeliona hilo mapema na dada wa sauti alikuwa amesimama mbali na rekoda nyingine. Msafara wa nusu saa ulichukua saa moja na nusu. Saa kumi na mbili jioni, tukiwa bado tunateremka, mlima ukafunguka. Tukasimamisha gari la maharusi kwenye uwanja wa shule kando ya barabara, dakika saba. Jua lilikuwa linazama kama saa kumi na mbili na dakika arobaini, na kwetu huku giza halibembelezi: likishazama una kama dakika ishirini za mwanga, basi. Matron akaanza kupiga honi. Tukaondoka na picha nne nzuri na moja ya kucheka, ambapo shela limemfunika bwana harusi kichwani.

Ukumbini

Kwenye kumbi zetu adui wa picha ni taa. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za bei nafuu hupepesa kuufuata, jicho halioni ila kamera inaona: mistari myeusi inapita kwenye picha kama mawimbi. Tunashuti fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, au fremu 50 na shata 1/100 kwa picha za polepole, na mistari hiyo karibu yote inatoweka. Anayetaka fremu 120 ili kila kitu kielee, afanye hivyo nje kwenye jua. Jambo la pili ni rangi. Nilimwomba mtu wa taa azime zile za zambarau juu ya meza kuu wakati wa nasaha peke yake. Sura ya mtu mzima ikiwa ya zambarau hakuna programu itakayoirudisha.

Sauti tuliichukua kutoka kwenye miksa ya dijei kwa waya, kiwango cha kawaida kikicheza karibu na desibeli -12, na njia ya pili ya rekoda hiyohiyo ikirekodi chini zaidi, ili dijei akiongeza sauti kwa sababu watu wanapiga kelele, angalau njia moja isipasuke. Juu ya hayo, rekoda ndogo ilining'inizwa mita moja mbele ya spika. Dada wa sauti alivaa hedifoni usiku mzima.

Baba alisoma karatasi yake dakika tisa. Aliwashukuru wote, kwa majina, kuanzia paroko mpaka waliochinja. Mshereheshaji akamalizia, akataka kuendelea na ratiba, ndipo bibi harusi akamwita kwa mkono: mama mkubwa bado. Hakuwa kwenye ratiba. Mshereheshaji akachukua maiki nyingine iliyokuwa karibu, akampa.

Dada akanigusa bega. Kwenye hedifoni alikuwa anasikia muziki wa chini tu, hakuna mtu anayeongea, wakati ukumbi mzima unamsikia mama mkubwa. Ile maiki ya pili dijei alikuwa ameichomeka kwenye njia ambayo haikwenda kwenye waya wetu. Mshale wa kipimo ulikuwa unacheza, kwa sababu ya muziki, na mtu anayetazama mshale bila kusikiliza angejua Jumapili. Alikimbilia kwa dijei, wakahangaika, ikapatikana baada ya sekunde hamsini. Sekunde hamsini za kwanza zipo kwenye ile rekoda ya mbele ya spika tu, zikiwa na mwangwi na sahani zinazogongana. Zinasikika, lakini si tamu. Nilizitumia tatu tu kati ya hizo.

Mama mkubwa alisema haya, kwa ujumla wake wa dakika mbili. Kwamba yeye na mumewe wameishi miaka thelathini na nane. Kwamba waligombana mwaka wa kwanza kuhusu mbuzi, na hakumwambia mtu yeyote huyo mbuzi alikwenda wapi. Ukumbi ukacheka. Halafu akafungua pochi, akatoa lile jani.

"Hili nimelikata kwa baba yenu asubuhi. Mkigombana msitume meseji. Meseji haina uso. Chukua jani, mpelekee mwenzio, usiseme kitu. Akilipokea, mmemaliza. Na asipolipokea," akanyamaza, "mwambie mama mkubwa yuko Kibosho, nauli ni ndogo."

Mimi nilikuwa kwenye uso wake. Kijana alikuwa tayari kwenye uso wa bibi harusi, kwa sababu sheria yetu ukumbini ni hiyo: kamera moja kwa anayesema, moja kwa anayeambiwa, na hakuna kubadilishana katikati ya sentensi. Jani lilipotolewa nilishawishika kusogea karibu kulipata mkononi. Sikusogea. Niliposikia "asubuhi" nilikumbuka kuwa ile picha ya karibu huenda tunayo tayari.

Mezani

Jumapili kadi zote zilinakiliwa kwenye diski mbili kabla ya mtu kufuta chochote. Halafu nilifunga kioo, nikasikiliza tu. Nasaha zote ukumbini zilikuwa dakika 38. Niliandika kwenye daftari kila sentensi iliyonifanya niinue kichwa, pamoja na dakika yake. Zilikuwa kumi na tisa. Baada ya kuchuja mara tatu nikabaki na sekunde 52 za maneno, ambazo zinakaa vizuri kwenye ile dakika moja na robo ya mchoro na kuacha nafasi ya watu kucheka na kunyamaza.

Baba naye alinishangaza. Ndani ya zile dakika tisa, alipoinua macho kwenye karatasi mara moja tu, alisema: "Huyu kijana alipokuja mara ya kwanza, nilimkataa. Nikasema hana kitu. Siku ile mvua ilinyesha, akabaki anatusaidia kuingiza kahawa ndani." Kijana wangu wa kamera alipendekeza tufungue filamu na "nilimkataa", tukate hapo, ili watu wapate shauku. Ingefanya kazi. Lakini hailaiti hutazamwa kwenye simu, watu huacha katikati, wengine hupeleka kipande cha sekunde thelathini kwenye kundi la familia. Baba angebaki amemkataa mkwe wake mbele ya ukoo mzima. Nikaweka sentensi zote tatu pamoja, na nikaziweka katikati.

Ufunguzi tukampa mama mkubwa: "Mkigombana msitume meseji." Hapo tu. Mlima alfajiri, moshi unatoka jikoni, mwanamke aliyevaa kitenge juu ya gauni la sherehe anatembea kuelekea uzioni na kisu. Mtazamaji anabaki na swali, anakwenda kufanya nini huyu? Jibu linakuja dakika ya nne, anapofungua pochi ukumbini, na maneno "nimelikata kwa baba yenu asubuhi" yanapanda juu ya ile picha ya jani likifutwa umande. Katika kukata nilitanguliza sauti sekunde moja kabla ya picha, ili aanze kusikika tukiwa bado tunamwona baba na karatasi yake. Hiyo sekunde moja ndiyo inayofanya usihisi kwamba umehamishwa.

Muziki ni kwaya ya parokia, kutoka ile rekoda iliyokuwa mbele ya spika, kwa ruhusa ya mwalimu wa kwaya. Mwangwi wa kanisa la mawe uko ndani yake na siwezi kuununua popote.

Filamu ilitoka dakika tano na sekunde thelathini na moja, yaani niliuzidi mchoro kwa sekunde kumi na moja. Ni zile nne za kimya kwenye maagano, na ndafu, ambaye mwishoni mwenyekiti wa kamati alipewa kama zawadi: picha mbili, sekunde saba, akiwa yeye mwenyewe ndiye anayemshangilia.

Wiki ya tatu bibi harusi alinipeleka Kibosho tukamwonyeshe mama mkubwa. Aliitazama kwenye simu, kimya, simu ameishika mbali kama wanavyoshika wasio na miwani. Ilipoisha akasema turudishe mwanzo, pale uzioni. Akatazama tena. Halafu akaniambia:

"Hapo jani lilikuwa limeinama, mwanangu. Ungeniambia upo, ningekata jingine."